Mashine ya Nairobi inapokuuliza shilingi ipi

"Natoka Kigoma, nipo Nairobi kufuata mzigo. Mashine ya ATM inauliza nikatwe kwa shilingi ya Tanzania, nikubali?"

Usikubali, ndugu. Bonyeza DECLINE CONVERSION. Hela itatoka vilevile, ila bei ya kubadilisha itatoka kwa mtandao wa kadi na benki yako. Tuseme unatoa 20,000 za Kenya. Mashine ikipiga kila moja kwa 21.5 za Tanzania, umekatwa 430,000. Mtandao wa kadi ukipiga kwa 20, ungekatwa 400,000. Wapo wanaosema ukikatwa kwa shilingi ya nyumbani hakuna makato, nao wamepatia nusu: kiasi unakiona mapema, lakini ada ya mashine na ya benki yako zipo palepale. Mimi wa Ujiji nilitoa kidogo kidogo mara tatu, ada ikanilamba mara tatu. Benki yako inaongeza asilimia ngapi, waulize wenyewe.