Maswali na Majibu ya Nahau: Inna na Ndugu Zake

Juma hili nimezikusanya pamoja barua zote zinazohusu inna, anna, kaanna, lakinna, layta na laalla. Kanuni yenyewe sitaieleza upya: mubtada hugeuka mansubu na kuitwa ismu ya inna, khabari hubaki marfuu. Kila aliyepita madrasa ameikariri. Shida ninayoiona katika barua ni kwamba watu wana kanuni kichwani, lakini wakiwekewa jumla mbele hawajui mubtada ni ipi.

"Ustadhi, Ijumaa khatibu wetu alianza na 'innal-hamda lillahi'. Baada ya sala mzee mmoja akamsahihisha kwamba ni 'alhamdu', kama ilivyo kwenye Fatiha. Nani kasema kweli?" (Msomaji, Mombasa)

Khatibu. Katika Fatiha hakuna kitu kilichoitangulia alhamdu, kwa hiyo ni mubtada na dhumma yake ni haki yake, na lillahi ndiyo khabari. Khatibu ameingiza inna juu ya jumla ileile. Dhumma imeondoka na fataha imechukua nafasi yake. Lillahi haikuguswa, kwa sababu kasra yake inatokana na herufi lamu iliyo mwanzoni mwake, na inna haina kauli hapo.

Mzee huyo bila shaka ameisikia talbiya ya mahujaji: "innal-hamda wan-niimata laka wal-mulk." Hakuna hujaji anayesema alhamdu pale. Niimata nayo imepata fataha kwa kuwa imeunganishwa na alhamda kwa wau. Al-mulk pia ni mansubu, ila watu husimama hapo kwa sukuni, na fataha haisikiki. Ndiyo maana nawahimiza wanaoanza kufanya irabu wasome kwa kuunganisha maneno. Ukisimama kila neno, utakuwa umeyafuta majibu yote kabla hujaulizwa.

Kosa ninalolisikia mimi mimbarini ni lilelile la mzee, ila hutoka kwa khatibu mwenyewe. Khatibu anaanza "innal-hamdu lillahi" kwa sauti kubwa, kwa kuwa ulimi umezoea alhamdu tangu utotoni na haungoji inna ifanye kazi. Ndugu makhatibu, hotuba ya Kiarabu ina kurasa chache tu. Itieni irabu kwa kalamu tangu Alhamisi usiku.

"Kama inna inafanya nasbu, mbona tunasema 'inna lillahi' kwa kasra?" (Wasomaji wanne, wa Tanga, Zanzibar na Lamu)

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na kila mara anayeuliza hajatazama neno la kwanza. Hiyo si inna peke yake. Ni inna pamoja na dhamiri na, yaani "hakika sisi", na nuni moja imeangushwa ili ulimi upate wepesi. Ismu ni hiyo na. Ni dhamiri, haibadiliki umbo, kwa hiyo nasbu yake haionekani. Lillahi ni khabari: sisi ni wa Mwenyezi Mungu. Nusu ya pili ni vilevile, na khabari yake ni rajiuna, ambayo ni marfuu kwa wau.

Anayetaka kuiona nuni iliyoangushwa afungue Aal Imran aya ya 16: "Rabbana innana amanna." Hapo neno limekuja kamili. Na msikilize urefu: katika "inna lillahi" sauti ya mwisho ya inna inavutwa, kwa sababu ni alifu ya dhamiri. Inna isiyo na dhamiri haivutwi. Anayeikatisha wakati wa kutoa pole anaipoteza hiyo "sisi".

"Niliandika 'inna fil-bayti rajulun'. Mwalimu akanikata alama. Rajulun haikufuatana na inna, imekosaje?" (Mwanafunzi, Pemba)

Mwalimu wako yuko sawa, na kosa lako ndilo lililonifanya nitenge safu nzima kwa mlango huu. Inna haikamati neno lililokaa jirani yake. Inakamata mubtada, popote ilipo.

Fanya hivi. Iondoe inna kwanza, ibaki "fil-bayti rajulun". Jiulize: hapa nani anatolewa habari? Ni mtu, na habari yake ni kwamba yumo nyumbani. Basi rajulun ni mubtada, na fil-bayti ni khabari iliyotangulia, kwa sababu mubtada ni nakira na haipendi kuanza jumla. Sasa irudishe inna. Ismu yake ni ileile iliyokuwa mubtada: "inna fil-bayti rajulan." Kasra ya bayti imetoka kwa fi, usiihusishe na inna hata kidogo.

Mfano wake unao kifuani tangu ulipohifadhi Juzuu Amma: "Inna maal-usri yusra." Ukisimama mwishoni unavuta alifu, yusraa. Alifu hiyo ni tanwini ya fataha iliyogeuzwa kwa ajili ya kusimama. Lingekuwa neno hili ni marfuu, ungesimama kwa sukuni na kusema "yusr". Kwa hiyo hata mtoto anayesoma bila kujua nahau anatamka kwamba yusra ndiyo ismu ya inna, ingawa imekaa mwisho.

Katika An-Naziat aya ya 26 utaona alama nyingine: "Inna fi dhalika laibratan liman yakhsha." Lamu ile ya kusisitiza kwa kawaida hukaa kwenye khabari, kama "inna rabbaka labil-mirsad". Imehamia kwenye ismu hapa kwa kuwa ismu imecheleweshwa. Nayo haibadilishi irabu ya neno inaloliingia.

Ila usichukue ruhusa hii kupita mipaka. Khabari hutangulia ikiwa ni dharfu au jarri na majruri tu. "Inna qaimun Zaydan" si Kiarabu.

"Muadhini wetu anasema 'Muhammadar-rasulullah'. Si ingekuwa Muhammadan?" (Msomaji, Bagamoyo)

Ni Muhammadan, na ndiyo hiyo aliyoitamka. Nuni ya tanwini ikikutana na ra humezwa ndani yake, watu wa tajwidi wanaita idghamu. Wewe sikiliza irabu iliyo baada ya dali. Ukisikia "da", anna imepata haki yake. Ukisikia "du", hapo pana kosa, na ni kosa lililoenea.

Kuna kosa lingine kwenye maneno hayohayo, na linaharibu zaidi: kusema "rasula" badala ya "rasulu". Rasulu ni khabari ya anna, lazima iwe marfuu. Wanazuoni wa nahau husimulia habari ya bedui aliyemsikia muadhini akisema "ash-hadu anna Muhammadan rasulallah", akauliza: anafanya nini? Alikuwa sahihi kuuliza. Kwa fataha ile, "Mtume wa Mwenyezi Mungu" limekuwa badali inayolieleza jina Muhammad, na jumla imebaki bila khabari. Masikio yake yalikuwa yanasubiri habari isiyokuja. Muadhini alikusudia kushuhudia, na irabu moja ikauacha ushahidi wake katikati.

Hukumu ya adhana ya namna hiyo waulizeni watu wa fikihi. Mimi nasema ifundishwe sawasawa kabla kijana hajapewa kipaza sauti.

"'Innal-hasanati yudh-hibnas-sayyiati' katika Sura Hud: kosa la chapa? Nilitegemea hasanata." (Msomaji, Muscat)

Si kosa. Wingi wa kike wa alifu na ta hufanyiwa nasbu kwa kasra. Na sayyiati, ambayo ni mafuuli, imefanyiwa hivyohivyo. Soma Al-Ahzab aya ya 35, "Innal-muslimina wal-muslimati", uone ya na kasra zikifanya kazi moja katika pumzi moja. Na tafadhali, kabla ya kuushuku msahafu, shuku kwanza daftari lako.

"Katika hadithi ya nia ni 'innamal-aamalu', kwa dhumma. Inna imeshindwa nini?" (Msomaji, Morogoro)

Imezuiwa. Ma iliyoungana nayo inaitwa ma kaffa, yaani yenye kuzuia. Ikishaingia, mubtada na khabari hurudi katika hali zao. Linganisha "innamal-muuminuna ikhwatun" ya Al-Hujurat: ni muuminuna kwa wau, si muuminina. Maana nayo inabadilika. Inna inasisitiza tu, lakini innama inafunga jambo ndani ya mpaka: hapana amali ila kwa nia.

Tahadhari moja ambayo hukuiuliza. Si kila innama unayoiona ina ma ya kuzuia. Nyingine ni ma yenye maana ya "kile ambacho", na hiyo ndiyo ismu yenyewe. Katika Al-An-aam aya ya 134, "inna ma tuaduna laatin", msahafu umeiandika mbali na inna. Katika Al-Mursalat aya ya 7, "innama tuaduna lawaqiun", imeandikwa imeungana, na maana ni ileile: hakika mnayoahidiwa yatatokea. Mwandiko peke yake hautakuokoa. Jaribu kuweka "kile ambacho" mahali pa ma. Jumla ikisimama, inna inafanya kazi.

"Suratu Yunus aya ya 10 inasema 'anil-hamdu lillahi'. Wewe kila siku unatuambia alhamda." (Msomaji, Mombasa)

Umeuliza vizuri. Hiyo an si anna kamili. Imepunguziwa shadda, na ikipunguziwa hivyo haishiki tena neno la wazi. Ismu yake ni dhamiri iliyofichwa, wanaiita dhamiri ya shani, na jumla nzima ya "alhamdu lillahi" ndiyo khabari yake. Ndani ya jumla hiyo alhamdu ni mubtada kama kwenye Fatiha. Kasra unayoisikia kwenye nuni ni ya kuzuia sukuni mbili zisigongane. Na ni an hiyohiyo iliyo katika "ash-hadu an la ilaha illallah", ambayo wengi wanaitamka kila siku wakidhani ni neno jingine kabisa.

Lakinna nayo ikipunguzwa huacha kufanya nasbu kabisa. Katika Al-Baqara aya ya 102 sisi tunaosoma kwa Hafsi tunasema "walakinnash-shayatina kafaru", kwa fataha. Hamza na Al-Kisai walisoma "walakinish-shayatinu", bila shadda, na mashetani wakapata dhumma. Shadda moja imeondoka kwenye nuni, na irabu ya neno linalofuata imegeuka. Kiswahili kimeichukua ile nyepesi, lakini na walakini, kwa hiyo sikio letu limezoea sura isiyofanya nasbu. Msomaji wa pwani akifika kwenye lakinna ya shadda, aipe nuni uzito wake wote kabla hajaligusa jina.