Msomaji Mmoja, Sikio Moja

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mlinzi wa usiku. Mkono mmoja una tochi, mwingine redio koli, kwa hiyo kitabu sikishiki, na kusoma ndiyo starehe yangu tangu utotoni. Mkuu wa zamu ameniruhusu kusikiliza vitabu vya sauti kwa sikio moja. Cha kwanza msomaji alinipa usingizi. Cha pili kilijaa milango inayobamizwa na hatua za watu, nikamulika kona zote bure. Nichagueje? – Mlinzi Mpenda Vitabu*

Marahaba, mwanangu. Hicho cha pili kiache kabisa, hata kama hadithi yake ni tamu. Vitabu vilivyochezwa kama tamthilia, vyenye waigizaji wengi, muziki na milio, vimetengenezwa kwa mtu aliyejifungia chumbani. Wewe kazi yako ni kutambua hatua ya mtu, na sikio lililofunzwa usiku kucha kupuuza hatua za bandia litapuuza na ya kweli. Tafuta msomaji mmoja, sauti tupu, mwanzo hadi mwisho.

Huyo wa kwanza tumchunguze kabla hatujamhukumu. Kuna msomaji anayekwenda polepole na kuna msomaji asiyepanda wala kushuka, nao hawatibiwi kwa dawa moja. Ongeza mwendo hadi 1.2. Ukichangamka, shida ilikuwa mwendo, endelea naye. Lakini ukisikia kila sentensi bado inaanguka mwishoni kwa mkato uleule, hata sentensi ya swali, huyo hata umkimbize atakulaza.

Kosa linalokuhusu wewe kuliko wasikilizaji wengine ni la msomaji anayenong'ona penye huzuni na kupaza penye ugomvi. Nyumbani watu humsifu. Kwenye lindo utaongeza sauti ili usikie mnong'ono, kisha ugomvi ukianza utapigwa kelele sikioni na geti hulisikii. Mpime mchana: vaa kisikizi kimoja, tembea nje, weka sauti kiasi cha kusikia nyayo zako mwenyewe, kisha usiiguse tena. Ndani ya dakika kumi kidole kikienda kwenye kitufe cha sauti, mwache.

Kabla ya kumpima, fungua mipangilio ya simu, upande wa Accessibility, uwashe Mono audio. Bila hiyo, rekodi nyingine hugawa sauti kushoto na kulia, na sikio lako moja litapata nusu. Utamlaumu msomaji kwa kosa lisilo lake.

Usimpime kwa ukurasa wa kwanza. Hapo kila msomaji ana pumzi mpya. Ruka hadi katikati, utafute mahali watu wawili wanabishana. Je, unajua nani anasema kabla hujatajiwa? Msomaji mzuri hahitaji kubana pua kuiga sauti ya mwanamke. Hubadilisha kidogo tu uzito na kasi, nawe unamjua mtu. Mimi hili nalithamini kuliko sauti nzuri, kwa sababu wewe utakatizwa kila mara, na ukirudi ni mabishano ndiyo yatakayokupoteza.

Tuchukue kitabu cha maneno 90,000. Kwa mwendo wa maneno 150 kwa dakika, hicho ni saa kumi. Usidhani utakimaliza zamu moja. Ukiwa na doria, wageni na redio, huenda ukasikia nusu. Kwa hiyo pendelea chenye sura fupi, na kila unapokatizwa bonyeza kusimamisha badala ya kuacha kiendelee chini kwa chini. Ukirejea, rudisha nyuma sekunde 30. Programu nyingi zina kitufe hicho.

Kama fedha ni tatizo, LibriVox hutoa bure vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, vikisomwa na watu wa kujitolea. Ubora unapishana sana. Kimoja kinaweza kuwa na msomaji mpya kila sura, na ukizoea mmoja unatupiwa mwingine mwenye kinasa sauti kibovu. Angalia kilichoandikwa Solo, yaani kilichosomwa na mtu mmoja, na ukimpata msomaji unayempenda, bonyeza jina lake uone vingine alivyosoma. Msomaji anayekufaa atakuongoza vizuri kuliko jalada. Pakua kabla hujatoka nyumbani.

Jambo moja sitakuficha, mwanangu. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri mwili huelemewa na usingizi, na hakuna msomaji wa kuutibu. Saa hizo toa kisikizi, simama, zunguka. Kitabu kianze tena kukipambazuka, na hapo sogeza nyuma dakika tano nzima, maana ulichosikia kabla ya saa tisa huenda hukukishika.