"Kumbe hawana" au "isingeliwadhuru"? Swali la mwanafunzi kuhusu saratani inayogunduliwa kupindukia

*Assalaam alaykum Maalim. Mie mwanafunzi wa afya, niko Chake Chake, nnaandika ripoti ya kulinganisha faida na madhara ya kupima saratani ya matiti kwa mamogramu, ile picha ya eksirei ya matiti, na takwimu nimezitoa kwenye ripoti ya jopo la Uingereza ya 2012. Nimeandika "wanawake 129 waliambiwa wana saratani kumbe hawana" na pia "idadi ya wanaohitaji kupimwa ni 235". Msimamizi wangu kazizungushia duara zote mbili, kasema Kiswahili changu kimegeuza maana. Sasa niseme vipi?*

Wa alaykum salaam mwanangu. Msimamizi wako kasema kweli, na ntaanza na hiyo ya mwanzo kwa sababu ndo nzito. Wale 129 saratani wanayo. Imeonekana kwenye picha, wakachomwa sindano kikachukuliwa kinyama, kikatazamwa kwa hadubini na aliyetazama akasema hii ni saratani, na hakukosea wala mashine haikukosea. Tatizo liko kwengine kabisa: saratani hiyo isingeliwaletea dalili yoyote wala kuwaua mpaka mwisho wa umri wao. Kuna vivimbe vinavyokua polepole mno, kuna vyengine vinasimama palepale, hasa vile vilivyomo ndani ya vifereji vya titi ambavyo havijatoka nje ya kuta zake, na kuna mama ambaye saratani yake ingelikuja kumsumbua labda baada ya miaka 20 lakini moyo au kiharusi kikamchukua kabla. Wote hao wasingelipimwa wasingelijua kama wana kitu.

Sasa angalia neno "kumbe" linafanya nini hapo. Sie tukisema kumbe tunamaanisha jambo lilikuwa limefichika halafu likafichuka, mtu akaja akajua. Hilo linafaa kwa mama aliyepigwa picha ikaonekana kivuli, akaitwa tena, akachukuliwa kinyama, majibu yakaja hana kitu: huyo kweli "alidhaniwa ana saratani kumbe hana", ana wiki zake za khofu na kidonda cha sindano halafu karudi nyumbani na jawabu anayo. Hayo ni majibu chanya ya uongo, nayo ni madhara lakini ni mengine, yaandikie mstari wake. Huyu wetu wa kundi la 129 hapati kumbe yake hata siku moja. Anapasuliwa, anapigwa mionzi, anameza vidonge vya homoni miaka mitano, na akipona anamshukuru Mungu kwamba mashine imemuokoa, na daktari wake naye anaamini hivohivo kwa sababu hana njia ya kumtofautisha na mwenzake wa kitanda cha pili ambaye bila ya kutibiwa angelikufa kweli. Chini ya hadubini wanaweza kufanana kabisa.

Kwa hivo kinachobeba maana hapa ni kile kiungo kidogo cha kitenzi, -singeli-. Andika "saratani ambayo isingeliwadhuru umri wao wote lau wasingelipimwa" na jambo zima limeingia humo: kitu kipo, madhara yake yasingelikuwapo, na habari hiyo ni ya ule upande wa maisha ambao hakuna aliyeuona. Ukitaka jina fupi la kuwekea kichwa cha habari, mie napendelea "ugunduzi wa kupindukia", lakini mara ya kwanza unapolitaja liweke na sentensi hiyo ya -singeli-, kwa sababu msomaji akiliona peke yake atadhani ni daktari anayepima watu ovyo. Na usiseme "waligunduliwa bila ya haja", hiyo inamtia mtu makosani na hapa hakuna aliyekosa.

Utaniuliza, kama hakuna mtu anayeweza kumuonesha mmoja wao kwa kidole, hao 129 wamehesabiwaje? Wamehesabiwa kwa kundi. Chukua wanawake, wagawe kwa kura, nusu waitwe kupigwa picha nusu wasiitwe, halafu wafuatilie miaka mingi. Mwanzo lazima waliopimwa wawe na saratani nyingi zaidi kwa vile za kwao zimewahi kuonekana. Zikiwa zote ni za kuwahi tu, basi wale wasiopimwa baada ya miaka watafikia idadi ileile, zao zitajitokeza zenyewe kwa uvimbe na dalili. Kama miaka inapita na bado hawafikii, ile ziada inayobaki ndo ugunduzi wa kupindukia. Hesabu hii inakubali tu pale ambapo kundi lisilopimwa halikuitwa hata majaribio yalipokwisha, maana ukiwaita mwishoni unawapa na wao saratani zilezile za kupindukia na ziada inajifuta. Ndo maana jopo lile, lililoongozwa na Michael Marmot, lilitegemea majaribio matatu tu kwa kipande hichi, moja la Malmö huko Sweden na mawili ya Canada.

Haya, tuje kwenye 235. "Idadi ya wanaohitaji kupimwa" kwa Kiswahili ni watu wenye haja ya kupimwa. Mtu wa ofisi ya afya ya wilaya akisoma sentensi yako ataelewa kwamba kuna wanawake 235 mahali fulani wanangojea kupimwa, na hata anaweza kuanza kuulizia vifaa. Kitenzi hitaji ukikipa mtu kuwa mtendaji basi haja ni ya kwake yeye. Na hichi kipimo hakizungumzi haja ya mtu yeyote, kinasema ni wangapi lazima waingizwe kwenye mpango ili mmoja wao aepukane na kifo cha saratani hiyo. Mie ningeliandika "wangapi waitwe ili kuepusha kifo kimoja", hata kama ni refu, kwa sababu hiyo "ili" huwezi kuikata ukabaki na maana.

Na kuna kosa jengine mule ndani ambalo ni la hesabu, siyo la lugha peke yake. Tuifuate ilivokuja. Jopo lilichukua wanawake 10,000 wa Uingereza wanaoitwa kuanzia umri wa miaka 50 kwa miaka 20, kule wanaitwa kila baada ya miaka mitatu. Bila ya kupimwa, katika hao kama 213 wangelikufa kwa saratani ya matiti walipofika miaka 55 mpaka 79. Majaribio yakijumlishwa yanaonesha vifo hivyo vinapungua kwa asilimia 20, na asilimia 20 ya 213 ni kama 43. Gawa 10,000 kwa 42.6 unapata 235. Sasa hao 10,000 ni *walioitwa*, na kwenye kuitwa kuna wanaokwenda na kuna wasiokwenda. Jopo lenyewe limesema ukihesabu waliokwenda tu idadi inashuka mpaka kama 180. Kwa hivo ukiandika "kupimwa" ukaweka 235 umechanganya, ama sema wameitwa 235 ama sema wamepimwa 180, na vyovyote utakavosema taja na ile miaka 20, maana msomaji asiyeambiwa muda atafikiri ni picha moja siku moja.

Utaona pia kwamba 235 imetoka kwenye 213, na hiyo 213 ni ya wanawake wa Uingereza. Pahala ambapo hatari ya kufa kwa saratani hii ni nusu ya hiyo, mashine ileile na asilimia 20 ileile inakupa 470. Ndo nakusihi usiandike popote kwenye ripoti yako kwamba "Pemba wanawake 235…". Huku kwetu wagonjwa wengi wanafika hospitali na uvimbe wameshaupapasa wenyewe, ugonjwa umeshakwenda mbali, na hakuna mpango wa kuwaita wanawake wazima kila miaka mitatu. Kinachoamua maisha yao mara nyingi ni muda kati ya siku ya kuupapasa na siku ya kutibiwa, na hilo halimo kabisa ndani ya hesabu hii.

Kwenye kulinganisha sasa, ambako ndiko ripoti yako inakokwenda, kuna mtego wa lugha ambao nauona hata kwa waandishi wakubwa: faida inatajwa kwa asilimia na madhara yanatajwa kwa watu. "Vifo hupungua kwa asilimia 20, ila wanawake 129 kati ya 10,000 hugunduliwa kupindukia." Msomaji anasikia 20 kwa 100 upande mmoja na 1 na kidogo kwa 100 upande wa pili, anadhani faida ni mara kumi na zaidi ya madhara. Weka zote juu ya wanawake walewale 10,000 ndo utaona: 43 hawafi kwa saratani hiyo, 129 wanatibiwa saratani ambayo isingeliwadhuru, yaani watatu kwa mmoja. Watatu hao hawakufa, kwa hivo kuwapanga sambamba na mmoja aliyeepushwa kufa hakumaanishi vinalingana uzito, hiyo mizani ni ya mama mwenyewe na wewe kazi yako ni kumpa nambari zilizokaa sawa. Pia katika hao 10,000 wanawake 681 waligunduliwa na saratani kwa muda huo, na wale 129 wamo *ndani* ya 681 hao, usiwajumlishe juu yake, na ukiambiwa ugunduzi wa kupindukia ni asilimia 19 ujue ni 129 kugawa kwa 681. Jopo lilelile limetoa pia asilimia 11 kwa majaribio yaleyale, kwa vile waligawa kwa saratani za muda mrefu zaidi badala ya zile za miaka ya kupimwa tu. Asilimia bila ya kusema "ya nini" usiiandike.

Na ukiwa umeandika popote "wanaokolewa", weka "vifo vya saratani ya matiti vinaepushwa", kwa sababu hicho ndicho kilichopimwa.

Sentensi zako mie ningeliziandika hivi:

"Kwa kila wanawake 10,000 wa Uingereza wanaoitwa kupigwa mamogramu kwa miaka 20 kuanzia umri wa miaka 50, inakadiriwa kwamba vifo 43 vya saratani ya matiti huepushwa, yaani waitwe kama 235 ili kuepusha kifo kimoja. Katika wanawake 681 wanaogunduliwa na saratani kwa muda huo, inakadiriwa kwamba 129 wana saratani ya kweli ambayo isingeliwadhuru umri wao wote lau wasingelipimwa, na wote hao hutibiwa."

Hilo "inakadiriwa" usilitoe hata msimamizi akikwambia sentensi ni ndefu. Jaribio la Malmö lilianza 1976 na yale ya Canada 1980, mashine za wakati ule haziko tena na dawa za sasa zinawaponesha wengi ambao wakati ule wangelikufa, kwa hivo zote mbili, 43 na 129, kwa mwanamke anayeitwa leo zinaweza kuwa nyengine, na jopo lenyewe lilieleza wazi kwamba makadirio yake yana shaka kubwa ndani yake.