SPH, CYL na AXIS: kuisoma karatasi ya miwani unapoanza kazi dukani

Ukianza kazi kwenye duka la miwani, karatasi ya vipimo ndiyo utakayoishika kutwa nzima. Nyingi zina mistari miwili: jicho la kulia limeandikwa OD au RE, la kushoto OS au LE. Mbele ya kila jicho kuna nafasi tatu: SPH, CYL na AXIS, yaani sfia, silinda na aksisi. Mbili za kwanza ni nguvu ya lenzi kwa dayopta, zinazopanda robo kwa robo: 0.25, 0.50, 0.75. Ya tatu ni pembe, na haina alama ya minasi wala plasi.

Sfia ni nguvu iliyo sawa pande zote za lenzi. Minasi ni ya mtu ambaye mwanga unakutana kabla ya kufika kwenye retina, pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, kwa hiyo vya mbali vinakuwa na ukungu. Namba yenyewe inakuambia ukungu unaanzia wapi: gawanya 1 kwa dayopta, upate mita. Mtu wa -2.00 asiye na silinda, akivua miwani, anaona vizuri mwisho nusu mita. Wa -4.00 mwisho wake ni sentimita 25, na ndiyo maana anasogeza simu usoni.

Plasi ni kinyume chake: mwanga ungekutana nyuma ya retina, na lenzi inausaidia kukutana mapema. Hapa wageni wengi hudhani plasi ni ya wazee. Miwani ya kusomea ya mtu mzima ni plasi, sawa, lakini hata mtoto wa shule anaweza kuwa na sfia ya plasi. Misuli ya jicho lake hubeba mzigo huo, ubao anauona, na anachokilalamikia ni kichwa kuuma baada ya kusoma. Nyongeza ya kusomea ina nafasi yake, ADD, tusiichanganye humu.

Silinda ndiyo inayowashinda watu. Konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, kwa baadhi yetu imejikunja zaidi upande mmoja, kama yai lililolazwa, kwa hiyo mistari ya wima na ya mlalo haitui mahali pamoja. Lenzi ya silinda ina nguvu upande mmoja tu, na aksisi ndiyo inayosema silinda imewekwaje. Sasa shika hili vizuri: aksisi inaonyesha mahali ambapo silinda HAINA nguvu. Nguvu yake yote iko nyuzi 90 kutoka hapo. Ukiona aksisi 180, ambayo ni mlalo, silinda inafanya kazi kwenye wima.

Nyuzi zenyewe huhesabiwa ukiwa umemtazama mteja usoni. Zinaanzia mkono wako wa kulia, zinapanda juu hadi 90, zinashuka kushoto hadi 180. Ni hivyohivyo kwa macho yote mawili, hakuna kugeuza kwa jicho la kushoto.

Tuchukue jicho moja:

```
+0.50 / -1.50 x 180
```

Kwenye mlalo, palipo na aksisi, silinda haiongezi kitu. Inabaki sfia peke yake, +0.50. Kwenye wima unajumlisha zote mbili: +0.50 na -1.50, unapata -1.00. Lenzi moja ina plasi kidogo kwa mlalo na minasi kwa wima. Hakuna kosa hapo, macho ya namna hiyo yapo mengi tu.

Kuna mama mmoja alikuja dukani na karatasi mbili za jicho hilo. Ya zamani ilikuwa kama hiyo hapo juu. Mpya, kutoka hospitali nyingine, ilisomeka hivi:

```
-1.00 / +1.50 x 090
```

Akasema, "Mwanangu, mwaka jana nilikuwa plasi, leo nimekuwa minasi. Jicho limeharibika au wamenipimia mtu mwingine?" Nikamwambia, "Hapana mama, ni kipimo kilekile." Hakuniamini, na kwa kweli hata mimi ningekuwa yeye nisingeamini. Hesabu inaonyesha: kwenye aksisi ya 90, yaani wima, silinda haina kitu, inabaki -1.00. Kwenye mlalo, -1.00 na +1.50 ni +0.50. Namba zilezile, mahali palepale.

Sababu ni kwamba kuna namna mbili za kuandika. Wapimaji wa miwani wengi hutumia silinda ya minasi. Baadhi ya madaktari bingwa wa macho hutumia ya plasi. Kubadilisha moja kwenda nyingine ni hatua tatu: jumlisha sfia na silinda upate sfia mpya, geuza alama ya silinda, namba ibaki ileile, sogeza aksisi nyuzi 90, kwa kuongeza ikiwa ni 90 au chini yake, kwa kupunguza ikiwa imezidi. Usimlinganishie mteja karatasi ya zamani na mpya kabla hujaziandika zote kwa namna moja.

Hatari iko kwenye kufanya hatua moja na kuziacha nyingine. Anayenakili akigeuza alama ya silinda tu, aandike +0.50 / +1.50 x 180, wima inakuwa +2.00 badala ya -1.00. Ni dayopta 3 nzima za kosa, na mteja atarudi kabla ya jioni. Aksisi nayo haisamehe: ikipotea nyuzi 10, karibu theluthi ya silinda inabaki bila kurekebishwa, na ikipotea 30, kinachobaki ni kikubwa sawa na silinda yenyewe, kama vile hukumwekea kabisa. Ndiyo maana aksisi huandikwa kwa tarakimu tatu, 005 au 090, bila kile kiduara cha nyuzi juu yake. Kwa mwandiko wa haraka, 18 yenye kiduara inasomeka 180.

Lenzi ikirudi kutoka kukatwa, ipime kwa lensomita. Lakini zoea pia kuisoma kwa mkono, kwa sababu umeme hukatika. Inyooshe mbele yako, tazama fremu ya mlango ulio mbali kupitia lenzi, kisha isogeze taratibu. Mlango ukifuata mkono wako, hapo pana minasi. Ukikimbilia upande wa pili, pana plasi. Lenzi ya yule mama, ukiishika kama itakavyokaa usoni, ukiipeleka juu na chini mlango unafuata, ukiipeleka kulia na kushoto unakimbia kidogo. Kisha izungushe kama usukani: ubavu wa mlango ukilala upande, lenzi ina silinda. Usipolala, ni sfia tupu.

Sehemu ya CYL ikiwa imeachwa wazi, au imeandikwa DS, ni sfia tupu na hakuna aksisi ya kutafuta. PL au 0.00 kwenye SPH maana yake sfia haina nguvu, lakini silinda inaweza kuwepo. Namba ikija bila alama yoyote, usijaze kwa kukisia kutokana na jicho la pili. Jicho moja linaweza kuwa plasi na jingine minasi. Pigia simu aliyempima mteja, akutajie alama, kisha iandike mwenyewe kwa kalamu juu ya karatasi pamoja na tarehe kabla hujaagiza lenzi.