Bei kwa meseji: maswali ya mafundi wa vigae

Mteja anataka nimtumie bei kwa meseji. Nikituma jumla tu, anasema ghali. Nikiandika marefu, hasomi. Niandikeje?

Jumla peke yake lazima ionekane ghali, kwa sababu mteja hajui inanunua nini. Mwandikie kwa mpangilio anaoufikiria yeye: utafanya nini, kwa vifaa gani, kwa kiasi gani, na alipe lini. Tuseme ni bafu la mita 2.4 kwa 1.8, vigae vikipanda ukutani hadi mita 2.1. Sakafu ni mita za mraba 4.32. Kuta, ukitoa mlango wa sentimita 70, ni 16.17. Jumla ni 20.5 hivi, ongeza asilimia 10 ya kukatika na kuvunjika, unapata 22.5. Kama boksi moja lina mita za mraba 1.44, ni maboksi 16. Meseji yenyewe mimi ningeiandika hivi:

"Habari za leo mama. Nilipima bafu jana. KAZI: kubandua vigae vya zamani, kubandika vipya sakafuni na ukutani hadi mita 2.1, kujaza grauti, kusafisha. HAIMO: mabomba, umeme, rangi, kusafirisha kifusi. VIFAA: vigae maboksi 16 (sentimita 30 kwa 60), gundi ya vigae mifuko 5 ya kilo 20, grauti kilo 5. Vifaa ni ___, ufundi ni ___, jumla ___. Siku 5 za kazi. Malipo: ya vifaa kabla ya kuanza, sehemu ya pili vigae vikishabandikwa vyote, ya mwisho baada ya grauti na usafi. Bei hii ni hadi tarehe ___. Ukikubali, nijibu 'nimekubali'."

Inasomeka kwa dakika moja. Mstari wa HAIMO ndio mafundi wengi huuruka, na ndio unaozaa ugomvi. Mteja akishaona bafu limependeza, anadhani na bomba linalovuja lilikuwa juu yako.

Nikiandika idadi ya vifaa, mteja anachukua orodha yangu anampa fundi mwingine. Nifiche?

Hilo hutokea, na linauma. Lakini idadi hiyo inakulinda wewe zaidi ya inavyomsaidia huyo mwingine. Kuna mteja niliyewahi kumwandikia "vigae vya kutosha bafu zima" akaenda kununua mwenyewe. Akaleta maboksi 14. Tukapungukiwa na mstari wa juu ukutani, na maboksi ya nyongeza yakatoka toleo jingine la kiwandani: jina lile lile, rangi imekolea kidogo. Mchana huoni kitu, ila ukiwasha taa jioni mstari unajionyesha, na lawama ikawa yangu. Siku hizi naandika idadi, na kama mteja ndiye anayenunua, namwambia alinganishe namba ya toleo iliyo ubavuni mwa kila boksi.

Ukiona unapoteza muda kupimia watu wasiorudi, toza ada ndogo ya kupima na uikate kwenye ufundi wakikupa kazi.

Adivansi nidai nusu? Wengine wanagoma.

Nusu ni mazoea tu. Adivansi ilipe vifaa unavyonunua wewe, basi. Kama kwenye kila 100 vifaa ni 55 na ufundi ni 45, dai 55 mwanzo, 35 vigae vikishashika ukutani na sakafuni, na 10 mwishoni. Mteja akinunua vifaa mwenyewe, huna sababu ya kushika nusu ya ufundi kabla hujagusa ukuta. Kiasi kidogo cha kumshikia tarehe kinatosha.

Usiandike "katikati ya kazi". Katikati yako na katikati yake haziko mahali pamoja. Andika kitu anachoweza kusimama mlangoni akakiona.

Ile 10 ya mwisho iwe ndogo makusudi. Ikicheleweshwa isikuvunje mgongo, na wakati huo huo mteja awe na kitu mkononi mpaka grauti ikauke.

Nimebandua sakafu nikakuta zege la chini limeoza. Nimelirekebisha, mteja hataki kuongeza.

Kwa hili ulilokwisha kufanya, mkono wako ni mfupi. Ulipaswa kusimama, kupiga picha, kutuma na bei ya nyongeza, na kungoja jibu kabla ya kuchanganya saruji. Jaribu kumwonyesha picha kama unazo, mkutane nusu njia. Safari ijayo ongeza sentensi moja kwenye meseji: "Bei hii inachukulia kuwa zege chini ya vigae ni zima, likikutwa bovu, nitakupa bei ya nyongeza kabla ya kuendelea."

Kwa nini tarehe ya mwisho? Si naweza kuandika "wiki mbili"?

Meseji husambazwa. Ikimfikia mume au dada yake mwezi ujao, "wiki mbili" zinaanza kuhesabiwa upya, na wewe unadaiwa gundi kwa bei ya zamani.