Asilimia 88 kwa kodi zote mbili, ila kappa moja 0.76 nyingine 0.34

Shikamoo mwalimu. Mimi na mwenzangu tunasoma uzamili hapa Dodoma, tumehoji wakulima wa zabibu Hombolo na Mpunguzi. Tumechukua vipande 100 vya mahojiano, kila mtu akaweka kodi peke yake, yani alama kwamba mada fulani imetajwa kwenye kipande, ipo 1 haipo 0. Kodi ya "madalali": wote tumeiona vipande 40, mimi peke yangu 6, mwenzangu peke yake 6, wote hatujaiona 48. Kodi ya "mkopo": wote 4, mimi tu 3, mwenzangu tu 9, wote hapana 84. Zote mbili tumekubaliana 88 kati ya 100, lakini SPSS inatoa kappa 0.76 kwa madalali na 0.34 kwa mkopo. Supavaiza anasema chini ya 0.70 hapokei. Tumekosea wapi? Au tuandike asilimia tu?

Marahaba. Hesabu iko sawa, nimeirudia kwa mkono na namba zinatoka hizohizo. Asilimia peke yake usiandike, maana hiyo kodi ya mkopo ina shida kweli na asilimia ndo inayoificha.

Tuanze na kappa inauliza nini. Jacob Cohen alipoitoa mwaka 1960 wazo lake lilikuwa hivi: chukua watu wawili, kila mmoja aendelee kusema "ipo" kwa kiwango chake kilekile, ila asisome kitu, arushe tu majibu, je wangekubaliana mara ngapi kwa bahati? Hiyo ndo Pe. Makubaliano yenu halisi ni Po. Halafu:

```
kappa = (Po - Pe) / (1 - Pe)
```

Weka mkopo humo. Wewe umesema ipo mara 7 (4 na 3), mwenzako mara 13 (4 na 9). Bahati ya wote kusema ipo ni 0.07 × 0.13, karibu 0.01. Bahati ya wote kusema haipo ni 0.93 × 0.87, karibu 0.81. Jumlisha, Pe inakuwa 0.82. Yani bila kusoma hata mstari mmoja mngeshakubaliana vipande 82 hivi. Nafasi iliyobaki ya kuonyesha kwamba mnasoma kitu kimoja ni vipande 18 tu, na nyinyi mmepata 6 juu ya bahati. Kwa usahihi ni 6.18 kwa 18.18, ndo hiyo 0.34 yako. Kwenye madalali kila mmoja wenu amesema ipo mara 46, bahati inawapa kama 50, inabaki nafasi ya 50, nanyi mmeongeza 38. 38 kwa 50 ni 0.76. Asilimia zinalingana lakini kazi iliyofanyika hailingani kabisa. Ni sawa na watabiri wawili wa mvua hapa Dodoma mwezi wa saba, kila asubuhi wote wanasema leo hainyeshi, mwezi mzima wanakubaliana, ila huwezi kujua kama kuna hata mmoja wao anayeangalia mawingu.

Sasa hapa wanafunzi wengi wanakimbilia njia ya mkato. Wanasoma kwamba kappa inashuka kodi ikiwa adimu hata kama asilimia ya makubaliano iko juu, jambo ambalo ni kweli, Feinstein na Cicchetti waliliandika wazi mwaka 1990, halafu wanasema basi tatizo ni la kappa sio letu, wanahamia PABAK, aina ya kappa inayochukulia kwamba bahati siku zote ni nusu kwa nusu, ambayo ni 2 × Po − 1. Jaribu kwa namba zenu: 2 × 0.88 − 1 = 0.76. Kwa madalali 0.76, kwa mkopo nayo 0.76. Supavaiza atafurahi, ila umechukua kipimo kilichokuwa kinakuonyesha tofauti ukaweka ambacho hakioni kitu.

Cha kufanya ni kuangalia vile vipande ambavyo angalau mmoja wenu ameona mkopo. Viko 16, mmekubaliana 4 tu. Kuna kipimo rahisi cha hilo, makubaliano chanya, yani ukizidisha mbili vile vya "wote ndiyo" ukagawa kwa jumla ya "ndiyo" zenu nyote wawili. Kwa mkopo ni 8 kwa 20, 0.40. Kwa madalali ni 80 kwa 92, 0.87. Kwa hiyo kappa ya chini hapa sio kiini macho cha kodi adimu, mmoja akiona mkopo mwenzake kwa kawaida hauoni. Kama ingekuwa wote 9, wewe tu 1, mwenzako tu 1 na wengine wote hapana, kodi ingekuwa adimu vilevile na kappa ingefika 0.89 hivi. Uadimu peke yake haujawaangusha.

Halafu angalia hiyo 3 na 9. Kwenye madalali kutokukubaliana kumegawanyika sawa, 6 kwa 6, hiyo ni kupishana kwa kawaida tu, mmoja kachoka, mwingine kasoma haraka. Kwenye mkopo mwenzako anaona karibu mara mbili yako. Mkono ukielemea upande mmoja namna hiyo mara nyingi ina maana kila mtu ana tafsiri yake ya kodi kichwani. Vitoe hivyo vipande 12 mvisome pamoja, mmoja mmoja, kila mtu aseme kwa nini aliweka au hakuweka. Kwa wakulima wa zabibu mimi ningeangalia mambo mawili kwanza. Mkulima anayechukua dawa dukani na kusema nitalipa nikivuna, huo ni mkopo au ni mali kauli ya kawaida? Na dalali anayetoa hela shambani zabibu hazijaiva ili aje kuzichukua kwa bei yake, hiyo ni mkopo, ni madalali, au ni zote mbili? Kama wewe umekuwa unahesabu saccos, vikoba na benki tu na mwenzako anahesabu kila hela au mali inayolipwa baadaye, basi hizo 9 zimepata maelezo. Hakuna aliyekosea, kodibuku, yani mwongozo wenu wa maana ya kila kodi, haijasema.

Iandike upya basi: nini kinaingia, nini hakiingii, na mfano mmoja wa kila upande kutoka kwenye mahojiano yenu wenyewe, hasa ule mfano wa mpakani wa dalali na hela yake. Baada ya hapo mpime tena, ila kwenye vipande vipya. Hili nalisisitiza kwa sababu naona watu wanakaa kikao, wanajadili vilevile vipande 100, wanarekebisha, halafu wanapiga kappa upya inatoka 0.95 na wanaiandika kama vile kila mtu alifanya peke yake. Hiyo namba inapima kikao chenu, sio kodi.

Kuna na shida ya wingi. "Ndiyo" ni chache mno kiasi kwamba hiyo 0.34 yenyewe inayumba. Kwa hesabu ya makadirio, eneo ambalo kappa halisi inaweza kuwemo kwa uhakika wa asilimia 95 linatoka karibu sifuri hadi kama 0.69, wakati madalali iko kati ya 0.63 na 0.89. Ukiongeza vipande 100 vingine kwa kuchota hovyo utapata "mkopo" chache tena, bora mchote zaidi kutoka sehemu ya mahojiano mliyouliza habari za mtaji. Ila ukifanya hivyo andika wazi, kwa sababu kodi ikishakuwa ya kawaida kwenye sampuli Pe inashuka na kappa inaweza kupanda bila nyinyi kuwa bora zaidi, hivyo usiilinganishe moja kwa moja na 0.34 ya mwanzo. Hapo makubaliano chanya yatakusaidia kuona kama kweli mmesogea, ingawa nayo haijasalimika kabisa na mabadiliko ya sampuli.

Kuhusu SPSS, ile safu ya sig ikisema .000 isikupe furaha, inakwambia tu kappa sio sifuri, na watu wawili waliosoma kitu kimoja hilo ni la kutegemewa. Na kama mnahesabu kwa Excel kabla ya kupeleka SPSS, seli tupu sio 0. Mtu akiacha wazi akimaanisha "haipo", hii hapa haitaihesabu:

```
=COUNTIFS(B2:B101,0,C2:C101,0)
```

Kwa hiyo jumlisha visanduku vinne vyote, yani wote ndiyo, wewe tu, mwenzako tu na wote hapana, isipofika 100 kuna seli tupu mahali. Na kingine, msije mkachanganya kodi zenu zote kwenye kappa moja kubwa ili namba ionekane nzuri, madalali itaibeba mkopo mgongoni na hakuna atakayejua. Kipande kimoja kinaweza kubeba kodi zaidi ya moja kwa hiyo kila kodi ipate jedwali lake na kappa yake, kama mlivyofanya.

Kwa supavaiza, mwambie kwa heshima kwamba 0.70 ni mazoea tu. Hata ile ngazi maarufu ya Landis na Koch ya 1977, inayosema 0.61 hadi 0.80 ni makubaliano makubwa, wenyewe walikiri mipaka yake waliiweka kwa kukadiria. Ila usiende kubishana kuhusu 0.34, kwa sababu kwa kodi hii yuko sahihi kuikataa, hata kama sababu yake sio hiyo. Mpelekee jedwali la visanduku vinne la kila kodi, makubaliano chanya pembeni, maana ya mkopo ya zamani na mpya, na kappa ya vipande vipya. Mkopo ikigoma kupanda hata baada ya hapo, chaguo ni mbili: ivunjeni kuwa kodi mbili, mkopo wa taasisi na mali kauli, au nyote wawili msome vipande vyote vya mkopo na kuamua kwa mjadala, na kwenye sura ya mbinu mseme kodi hiyo iliamuliwa kwa mjadala, na kappa yake ya kwanza, 0.34, iandikwe hapohapo.