Foobar ikipiga, YouTube inakuwa bubu: maswali yenu kuhusu programu zinazoteka spika

Fundi, nikicheza muziki kwenye foobar2000 kompyuta nzima inakuwa bubu, unasikika muziki tu. YouTube inaandika "Audio renderer error. Please restart your computer." Nikiwasha upya inakaa sawa, halafu tatizo linarudi. Kadi ya sauti inakufa? — Msomaji, Morogoro

Kadi ni nzima. Ingekuwa inakufa, hata huo muziki usingeusikia. Kilichotokea ni kwamba foobar2000 imeomba spika ziwe zake peke yake, na Windows imekubali.

Tangu enzi za Windows Vista, sauti za programu zote kwa kawaida hupitia sehemu moja kabla ya kufika kwenye kadi. Windows huzipokea, huzilinganisha ziwe na kasi moja ya sampuli, yaani idadi ile ile ya vipande vya sauti kwa kila sekunde, huzichanganya, kisha huzituma zikiwa mkondo mmoja. Ndiyo maana unaweza kusikia wimbo, video na mlio wa ujumbe kwa wakati mmoja. Lakini pana mlango wa pili, ambao kwenye skrini unaitwa `Exclusive Mode`. Programu ikiingilia hapo, inaandika sauti yake moja kwa moja kwenye kadi bila kuchanganywa na yeyote. Wengine wote wakija wanaambiwa kifaa kinatumika. Kivinjari chako kimepewa jibu hilo, na YouTube ikaligeuza kuwa ushauri wa kuwasha upya kompyuta. Ushauri huo unafanya kazi kwa sababu moja tu: kompyuta ikizimwa, foobar2000 nayo inafungwa. Ungeifunga kwa mkono ungepata matokeo hayo hayo, chai yako ikiwa bado ya moto.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha ni yeye. Muziki ukiwa unacheza na YouTube ikiwa kimya, bofya `Stop` kwenye foobar2000, halafu pakia upya ukurasa wa YouTube. Usibofye `Pause`, maana programu iliyosimamishwa kwa muda inaweza kuwa bado imeshikilia kadi. Sauti ikirudi, umempata mtekaji. Ipo na dalili nyingine: fungua `Volume mixer` ya Windows, shusha kitelezi cha foobar2000 hadi chini. Muziki ukiendelea kwa nguvu ile ile, basi haupiti kwenye mchanganyiko wa Windows.

Tiba ianzie ndani ya programu yenyewe. Kwenye foobar2000 bonyeza Ctrl+P, nenda `Playback`, kisha `Output`. Katika orodha ya vifaa utaona spika zako zimetajwa zaidi ya mara moja, na jina mojawapo lina neno `[exclusive]` mwishoni. Hilo ndilo lililochaguliwa. Chagua linaloanza na `Default`, bofya `Apply`, umemaliza. Kama foobar2000 yako ni ya zamani na kuna mtu aliiongezea kijalizo, jina litaanza na `WASAPI (event)` au `WASAPI (push)`. Tiba ni ile ile. Watumiaji wa TIDAL nao watafute swichi ya `Use Exclusive Mode` kwenye mipangilio ya kifaa cha sauti, waizime.

Usipouona mpangilio huo kwenye programu yako, ufungie mlango upande wa Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika hivi, kisha Enter:

```
mmsys.cpl
```

Kwenye `Playback` chagua spika zenye alama ya tiki ya kijani, bofya `Properties`, halafu `Advanced`. Ondoa tiki kwenye `Allow applications to take exclusive control of this device`, bofya OK, kisha funga programu ya muziki na uifungue tena.

Wengi hukimbilia kisanduku hicho kwanza. Mimi nakiweka nyuma, kwa sababu programu ambayo bado imepangwa kuteka spika haitajirekebisha yenyewe. Itagoma tu kucheza na kukupa kosa, pengine lenye namba `0x8889000E`, maana yake kuteka hakuruhusiwi. Hapo mtu hudhani ameharibu kompyuta na kuanza kusakinisha draiva upya bure.

Nimeelewa, lakini rafiki yangu anasema nikitoka kwenye hiyo hali ubora wa muziki unashuka. Nina faili za FLAC na hedifoni nzuri, sitaki kupoteza kitu. — Msomaji, Nairobi

Rafiki yako ana hoja, ila ni ndogo kuliko anavyoisema. Faili lililotolewa kwenye CD lina sampuli 44100 kwa sekunde. Kompyuta nyingi zimepangwa 48000. Likipita kwenye mchanganyiko, Windows hulazimika kukokotoa sampuli upya ili zifike 48000, na hapo ndipo wapenda muziki wanapolalamika.

Dawa iko kwenye ukurasa ule ule wa `Advanced`, juu kidogo, palipoandikwa `Default Format`. Kama muziki wako mwingi umetoka kwenye CD, chagua 44100 Hz na biti 24, na faili hizo hazitahesabiwa upya tena. Video, ambazo nyingi zina 48000, ndizo zitakazobadilishwa, na kwa video hilo halitakuumiza. Zima pia madoido yote kwenye `Enhancements`, au `Audio enhancements` kwenye mipangilio ya Windows 11, kwa sababu hayo hubadilisha sauti kwa namna inayosikika kabisa. Ukishafanya hivyo, sidhani utaweza kutofautisha hali hizo mbili ukiwa umefumba macho. Mwenye maktaba yenye faili za kasi tofauti tofauti, 44100 hizi na 96000 zile, ndiye ninayemwelewa akitaka kubaki kwenye `[exclusive]`, kwa kuwa kadi hubadili kasi kufuata kila wimbo.

Mimi natengeneza biti kwa FL Studio. Nimeondoa tiki zote kama ulivyoelekeza kwa wengine, bado nikifungua FL siwezi kusikia mfano wa wimbo YouTube. Natumia ASIO4ALL. — Prodyuza, Mombasa

Kaka, tiki zile hazikuhusu. Zinafunga mlango wa WASAPI peke yake, yaani ule wa `Exclusive Mode` niliousema juu, na ASIO4ALL, ambayo ni draiva ya sauti ya programu za kutengeneza muziki, haipiti hapo. Yenyewe inashuka chini zaidi, inazungumza na draiva ya kadi bila kuiuliza Windows ruhusa ya kuteka, kwa hiyo hata ukiondoa kila tiki kwenye kompyuta itashika kadi vile vile. Kadi za kawaida za laptopu hupokea mkondo mmoja tu kwa njia hiyo, aliyewahi ndiye mwenye nayo. Kinyume chake nacho utakuwa umekiona: YouTube ikitangulia, kifaa kwenye jopo la ASIO4ALL kinawekewa alama nyekundu na FL inakaa kimya.

Bonyeza F10 ndani ya FL Studio, nenda `Audio`, na kwenye `Device` chagua `FL Studio ASIO` badala ya ASIO4ALL. Huyu huja na FL yenyewe na hupitia mchanganyiko wa Windows, hivyo YouTube na FL zitasikika pamoja. Gharama yake ni ucheleweshaji. Ukipiga kibodi ya MIDI unaweza kuhisi noti inakuja nyuma ya kidole kuliko ulivyozoea. Jaribu kwanza kupunguza `Buffer length` hadi karibu na pale sauti inapoanza kukatika, kisha rudi juu kidogo.

Ikiwa ucheleweshaji huo hauvumiliki, baki na ASIO4ALL lakini weka tiki kwenye `Auto close device`, hapo hapo kwenye ukurasa wa `Audio`. FL itaachia kadi kila unapohamia dirisha jingine. Hutasikia viwili kwa pamoja, ila utaweza kusikiliza mfano, kurudi FL, kucheza, na kurudi tena. Kwa kazi ya kunakili kodi za wimbo kwa sikio hiyo inatosha kabisa. Mwenye kadi ya nje yenye draiva yake ya ASIO kutoka kiwandani atumie hiyo: nyingi zimetengenezwa kupokea ASIO na sauti za Windows kwa wakati mmoja, mradi zote mbili ziwe kwenye kasi ile ile ya sampuli. Ukiona FL iko 44100 na Windows iko 48000, anza kwa kuzilinganisha.

Kwangu ni kinyume. Kama kuna video inacheza, programu ya muziki ndiyo inayokataa kufunguka. Nikiifunga video, inakubali. — Msomaji, Tanga

Rudi kwenye kile kisanduku cha `Advanced`. Chini yake kuna cha pili, `Give exclusive mode applications priority`. Kikiwa na tiki, programu inayotaka kuteka inaruhusiwa kumnyang'anya aliyeko. Kwako hakina tiki, kwa hiyo inakuta kadi ina mtu na inarudishwa na kosa `0x8889000A`, kifaa kinatumika. Unaweza kuweka tiki, lakini ujue video zitakatika katikati kila ukibofya wimbo. Ningekuwa mimi ningeitoa programu ya muziki kwenye hali hiyo, kama nilivyomwelekeza ndugu wa Morogoro.

Nikiwa kwenye Zoom, muziki haukatiki, unashuka tu ukawa kama unatoka chumba cha jirani. Ni tatizo hilo hilo? — Msomaji, Dodoma

Hapana. Spika ikitekwa sauti za wengine hukatika kabisa, hazipungui. Fungua `mmsys.cpl`, nenda `Communications`, utakuta Windows imepangwa kushusha sauti nyingine kwa asilimia 80 ikigundua simu. Chagua `Do nothing`.

Niliondoa tiki, ikafanya kazi vizuri, wiki hii tatizo limerudi na sijagusa kitu. Natumia DAC ya USB, kile kifaa cha nje kinachogeuza sauti ya kidijitali iende kwenye hedifoni. — Msomaji, Arusha

Angalia kama hukuhamisha waya. Mpangilio huu haukai kwenye kompyuta nzima, unafungwa kwenye kifaa kimoja kimoja. DAC isiyo na namba yake ya utambulisho ndani, ikichomekwa kwenye tundu jingine, Windows huihesabu kuwa kifaa kipya, na kifaa kipya huja na tiki zote mbili zimewekwa. Draiva ikisakinishwa upya matokeo yanaweza kuwa hayo hayo. Ondoa tiki tena, na DAC ikae kwenye tundu moja.

Kwa kuwa una DAC, una njia ambayo wenzako hapo juu hawana. Iachie programu ya muziki iiteke DAC inavyotaka, kisha kwenye Windows weka spika za laptopu ziwe kifaa cha kawaida. YouTube, Zoom na milio ya ujumbe vitatoka kwenye laptopu, muziki utatoka kwenye hedifoni. Kuteka ni kwa kifaa kimoja, kwa hiyo hazitagusana. Jihadhari na jambo moja: katika hali hiyo kitelezi cha programu ya muziki kwenye Windows hakina nguvu juu ya wimbo, na kama DAC yako haina kinobu, wimbo wa kwanza unaweza kuja kwa sauti kamili. Shusha sauti ndani ya programu kabla hujavaa hedifoni.